Namba Iliyo Ndani ya Boksi

Nilipoingia kwenye ufundi magari Arusha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, spea tulizinunua kwa sampuli. Beringi ikishakufa, tuliifungua, tukaiosha grisi kwa mafuta ya taa, tukaifunga kwenye kitambaa na kumpa kijana aipeleke dukani. Muuzaji aliigeuzageuza mkononi, akaenda kwenye rafu na kurudi na nyingine iliyofanana nayo. Ikikosekana mjini, sampuli ilipanda basi kwenda Kariakoo, na gari likabaki juu ya jeki na magogo. Mwenye uwezo aliagiza boksi la Toyota kwa wakala. Wengine walifungiwa kilichopatikana.

Aliyenionyesha njia nyingine ni mzee aliyetunza stoo ya gereji yetu. Alikuwa na daftari kubwa lililochakaa pembe. Upande wa kushoto aliandika namba za Toyota, na upande wa kulia namba alizozisoma kwenye chuma chenyewe kila boksi jipya lilipofunguliwa. “Mwanangu,” aliniambia, “boksi ni la Toyota, lakini beringi kaitengeneza nani? Isome.”

Nilisoma. Ilikuwa beringi ya nje ya gurudumu la mbele la Land Cruiser VX, ile ya miaka ya 1990. Boksi liliandikwa 90368-45087. Kwenye chuma palichongwa jina la Koyo, na namba LM102949 kwenye sehemu ya ndani yenye roli, kisha LM102910 kwenye pete ya nje. Toyota haikuifua beringi ile. Iliinunua kwa mtengenezaji wa beringi, ikaitia kwenye boksi lake na kuipa namba yake ya kuagizia. Boksi la Koyo lenye beringi hiyohiyo lilikuwa na bei nafuu sana kuliko la Toyota, na tofauti hiyo ndiyo iliyowaokoa wateja wetu wengi.

Namba ya LM102949 haimilikiwi na Koyo peke yake. Ni namba ya kawaida ya beringi za roli zilizochongoka, na Timken, NSK, NTN na SKF wote wanaitumia kwa vipimo vilevile: tundu la milimita 45.242, kipenyo cha nje cha milimita 73.431 na unene wa milimita 19.558. Tarakimu mbili za mwisho zinatofautisha vipande: 49 ni sehemu ya ndani, 10 ni pete ya nje. Hata namba ya Toyota inadokeza kitu, kwa kuwa 45 inayofuata kistari ni ukubwa wa tundu kwa milimita, bila desimali.

Desimali hizo ndizo zilizowatesa walionunua kwa macho. Beringi ya 32009 ina tundu la milimita 45 kamili na kipenyo cha nje cha 75. Ukiiweka kando ya ile ya VX utadhani ni mapacha, lakini haipandi kwenye spindo wala pete yake haiingii kwenye habu. Yenye hila zaidi ni LM603049. Tundu lake ni lilelile la 45.242, kwa hiyo inateleza vizuri kwenye spindo na fundi anatabasamu, kumbe pete yake ya nje ina kipenyo cha milimita 77.788. Nimeona habu ambazo mtu alijaribu kuzikwangua ili pete ya namna hiyo ikae. Habu ikishakwanguliwa imekwisha, kwa sababu pete inapaswa kukaa kwa kubana, na ikilegea itazunguka yenyewe na kulisaga chuma.

Kisha simu zikabadilisha kazi. Katalogi ya Toyota, ambayo zamani ilikaa kwa wakala tu, sasa inafunguka kiganjani. Unaandika namba ya chesisi, unafika kwenye mchoro wa ekseli ya mbele, na unapata namba ya spea iliyokusudiwa gari lile. Faida yake kubwa ni kwamba huitegemei tena sampuli. Gari lililopita mikono ya mafundi watano huenda linabeba beringi ambayo kiwanda hakikuiweka kamwe, na ukinunua kwa kuiiga hiyo, unarithi kosa la mwenzako. Katalogi pia hukuonyesha kama namba ya zamani imefutwa na kupewa nyingine mpya, jambo ambalo daftari la mzee lisingeweza kujua.

Tangu hapo kazi yangu inafuata mpangilio mmoja. Naanza na namba ya chesisi, napata namba ya Toyota. Namba hiyo naitafuta kwenye katalogi za watengenezaji wa beringi wenyewe, si kwenye tangazo la muuzaji, na nataka katalogi mbili zisizohusiana zinipe jibu moja. Kisha nasoma vipimo na kuvithibitisha kwa kalipa kwenye spindo na habu ya gari lililo mbele yangu. Mambo hayo matatu yakikubaliana, ndipo naenda dukani na namba ya beringi mkononi.

Dukani kuna shida iliyokua pamoja na simu. Namba inaweza kuchongwa na yeyote. Anayeghushi anajua sasa kwamba mafundi tunasoma, naye anaandika LM102949 na jina kubwa juu yake. Vipimo vinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini chuma ni laini, na baada ya safari chache za Karatu gurudumu linaanza kuunguruma. Kwa hiyo nafungua boksi palepale dukani. Maandishi ya chuma yasugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, yakifutika, rudisha. Namba ya boksi, ya sehemu ya ndani na ya pete lazima zikubaliane, na jina la mtengenezaji liwe moja kwenye vipande vyote viwili. Kwa beringi za SKF kuna programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, ambayo unaipigia picha bidhaa na kampuni inakujibu. Na bei ikiwa ndogo mno kuliko maduka mengine yote ya jina hilohilo, hiyo peke yake ni sababu ya kuiacha.

Njia hii ina mpaka wake. Magari mengi mapya yana habu iliyofungwa pamoja na beringi, na ndani yake mna pete ya sumaku inayosomwa na sensa ya ABS. Hapo vipimo vya chuma havitoshi. Habu inaweza kukaa sawasawa na boliti zikakaza, lakini taa ya ABS ikawaka kwa sababu sumaku haikupangwa kama sensa inavyotarajia, au haipo kabisa. Kwa spea ya namna hiyo nataka mtengenezaji aitaje namba ya Toyota na modeli ya gari kwenye katalogi yake, na nisipoiona namwambia mteja aagize ya Toyota, hata kama bei inauma.

Kwako mwenye gari: fundi akikuambia orijino ni ghali na ipo nyingine “sawa tu”, mwombe akuandikie namba ya Toyota, namba ya beringi na jina la mtengenezaji kabla hujatoa fedha. Dai pia beringi na pete yake ya nje zifungwe mpya pamoja, kwa sababu roli mpya juu ya pete iliyochakaa hazidumu. Fundi anayeijua kazi yake ataziandika bila kusita. Asiyeweza kuziandika, usimpe gurudumu lako.