Kipi ni kizima: mkate au ngano?

Kwa Kiswahili, mkate mzima ni ule usiokatwa bado. Baba ana ugonjwa wa sukari, na daktari alimwambia ale mkate wa ngano nzima. Basi dukani natafuta neno "nzima" linafuata jina gani. Jina kubwa la mbele silitegemei. Nageuza mfuko, nasoma orodha ya vitu vilivyomo, ambayo huanza na kile chenye uzito mkubwa.

Mkate mmoja wa kahawia, hapa Lubumbashi, orodha yake ilianza na "unga wa ngano" tu, yaani unga mweupe. Karibu na mwisho palikuwa na E150, karameli, rangi itokanayo na sukari iliyochomwa. Tulipoukata, ndani ulikuwa laini na wa rangi moja, kama chai ya maziwa. Mwingine ulianza na unga wa ngano nzima: ndani ulishikamana zaidi, na chembe za pumba zilionekana huku na kule.

Lakini macho peke yake hudanganyika. Mwokaji anaweza kutia pumba kidogo katika unga mweupe, na ngano nzima iliyosagwa sana huficha chembe zake. Hapo naamua kwa orodha. Mkate wa sokoni hauna orodha. Namwomba mwokaji anionyeshe gunia la unga.