Nani Atachora Fremu za Katikati?

Ukiuliza ni programu gani ya bure inamfaa anayeanza kutengeneza katuni, utapewa majina saba, na kila mtu ataapa kwa la kwake. Mimi naanza na swali moja tu: mkono wa mhusika uko chini, na fremu kumi baadaye uko juu, nani atachora zile za katikati? Jibu lake ndilo linalozitenganisha programu hizi, na ndilo litakaloamua kama kompyuta yako kuukuu itaifikisha hadithi mwisho.

Hadithi yangu ni ngano ya sungura na fisi, sekunde 80, niliyomrekodi bibi kwa simu. Bibi ameshatutoka, kwa hiyo sauti ile haikatwi wala haiharakishwi. Anaponyamaza kidogo kabla ya fisi kugundua kuwa ameibiwa nyama, picha nayo inapaswa kungoja. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba: RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka.

Kwenye programu za kuchora, fremu za katikati ni kazi yako. Kwa michoro 12 kwa sekunde, ngano nzima ingenidai michoro 960. Pencil2D ni nyepesi, haina mambo mengi, na inakuonyesha mchoro uliopita kwa rangi hafifu ili ujue mkono ulikuwa wapi. Krita ina brashi nzuri zaidi, lakini piga hesabu. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 iliyojaa rangi hula karibu MB 8 kwa kila tabaka. Sekunde kumi ni michoro 120, yaani karibu GB nzima, na hapo ni tabaka moja tu. Kumbukumbu ikijaa utajua: taa ya diski haizimiki na katuni inaruka fremu. Ukishuka hadi 1280 kwa 720, mzigo unapungua zaidi ya nusu.

Kwenye programu za vipande, kama Synfig, kompyuta ndiyo inayochora katikati. Unamtenganisha fisi: kichwa, kiwiliwili, miguu, mkia. Unaweka mkono chini kwenye fremu ya kwanza, juu kwenye ya kumi, basi. Faili ni dogo kwa sababu linahifadhi maumbo, si pikseli. Gharama inakuja wakati wa kutoa picha, maana kila fremu inakokotolewa upya, na ukungu au vivuli laini huifanya mashine kuukuu ihemee. Kuna na mpaka mwingine: fisi akigeuza uso, kompyuta haijui upande wa pili ulivyo. Lazima umchoree kichwa kingine na ubadilishe.

Lotte Reiniger aliishi na mpaka huo kabla ya kompyuta. Filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na Alfu Lela U Lela, ilitengenezwa kwa karatasi nyeusi zilizokatwa na kuunganishwa kwenye viungo. Wahusika ni vivuli vinavyoonekana kwa ubavu, na hisia zao unazisoma kwenye shingo na vidole. Ukiniuliza, kivuli ndiyo njia nafuu kuliko zote kwa anayeanza, kwani uso hauhitajiki.

Programu za kuhariri, kama Shotcut, hazichori kitu. Ila mimi naanzia huko: naweka sauti ya bibi na kuandika kila tukio linaanza sekunde ya ngapi. Ndipo nikaigawa ngano: sekunde 60 za vivuli kwenye Synfig, sekunde 12 za picha tuli anapoelezea pori, na sekunde 8 za uso wa fisi anapogundua, ambazo nachora mwenyewe kwenye Pencil2D. Michoro 960 imekuwa 96.

Kutoka kila programu natoa mfululizo wa picha za PNG, si video. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 600, zile 599 zipo salama. Video iliyokatikia njiani mara nyingi haifunguki kabisa. Kwenye Shotcut unafungua picha ya kwanza, kisha unaweka tiki kwenye `Image sequence`. Uchezaji ukikwama, weka `Preview Scaling` kwenye 360p. Video ya mwisho haipungui ubora.

Kabla hujaamua, tengeneza sekunde tano tu na uzitoe huku ukitazama saa. Zikichukua dakika kumi, sekunde 60 kama zile zitachukua saa mbili, na hizo unaweza kuziacha zikiendelea usiku. Zikichukua saa nzima, usitafute programu nyingine kwanza. Ondoa ukungu na vivuli laini, punguza ukubwa wa picha, kisha pima tena.