Barua ya Nusu Saa



Mwezi uliopita nilipanda bara kumzuru mpwa wangu anayeishi Gilgil, katika kaunti ya Nakuru. Yeye ni mjane mwenye watoto wawili, na riziki yake aipata katika banda la kufungashia maua kando ya Ziwa Naivasha. Nilimkuta amekonda. Usiku wa kwanza, watoto walipolala, alinitolea bahasha mbili. Zote zilikuwa maonyo ya maandishi kwa kosa la kuchelewa kazini.

"Mjomba," akaniambia, "likija la tatu nitaitwa ofisini, na sijui nitakachosema."

Zamu yake yaanza saa 1:00 asubuhi. Nilimuuliza kwa nini asiondoke nyumbani mapema zaidi, nami nakiri kuwa swali hilo lilikuwa la mtu ambaye madrasa yake ipo hatua mia kutoka kitandani. Alinijibu kwa upole kwamba husali Alfajiri mara wakati uingiapo, na kwamba saa 11:20 huwa yupo stejini. Kutoka hapo mambo si yake tena. Matatu ya kwanza haiondoki mpaka ijae, na kuna siku hujaa upesi na siku nyingine ikasubiri hadi saa 12:05. Njia ya Gilgil hadi Naivasha ni kama kilomita thelathini, lakini ni barabara kuu ya malori yaendayo Malaba na Uganda, na lori moja zito likipanda kilima huburuta msafara mzima nyuma yake. Akifika mjini Naivasha hushuka na kutafuta gari la pili la kumpeleka kando ya ziwa. Mabasi ya kampuni huchukua wafanyakazi wa mitaa ya Naivasha tu, hayafiki Gilgil. Kuhamia karibu na kazi hawezi, kwa kuwa mama mkwe anayewalea watoto yupo Gilgil, kwenye nyumba isiyo ya kodi.

Nikachukua kalamu nimwandikie barua kwa meneja. Nami nilijiona fundi wa jambo hilo. Nilianza kwa kumsifu meneja, nikaeleza ujane, nikaeleza mayatima, nikafikia thawabu za kumhurumia dhaifu. Kurasa mbili zilijaa. Mpwa wangu alizisoma zote, kisha akasema, "Mjomba, hapa sioni ninachoomba."

Alisema kweli. Barua yangu ilikuwa imeomba huruma, na meneja hana daftari la huruma. Analo daftari la zamu. Nikashawishika pia kutaja sala, nikidhani hoja ya dini ingekuwa na nguvu. Akakataa katakata. "Sala yangu naisali nyumbani kwa wakati wake. Kinachonichelewesha ni barabara. Nisiitumie sala kwa jambo ambalo si lake." Nilinyamaza, mimi niliyemfundisha juzuu ya kwanza.

Basi tukaanza upya, na mara hii tulianza na hesabu. Kwa siku 12 za kazi aliandika mambo manne katika daftari dogo: saa aliyofika stejini, saa gari lilipoondoka, saa aliyofika Naivasha, na saa aliyopita langoni. Mimi niliongeza muda wa ziara yangu ili nilione daftari hilo limejaa. Siku 5 alifika kwa wakati. Siku 7 alichelewa, na siku mbaya kuliko zote alipita langoni saa 1:22. Wala hakuna siku hata moja aliyofika stejini baada ya saa 11:25.

Hesabu hiyo ilibadilisha hata ombi lenyewe. Awali alitaka kuomba zamu isogezwe kwa saa nzima. Daftari likatuonyesha kuwa nusu saa yatosha: akianza saa 1:30, hata ile siku mbaya ingempa dakika nane za kuvaa aproni na kufika mezani. Ombi dogo ni jepesi kukubalika, na likikubaliwa halimwachi mtu na deni kubwa.

Kisha nikamuuliza meneja atapoteza nini. Hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Mawaridi yakikatwa shambani hutiwa kwenye ndoo za maji, yakapelekwa chumba cha baridi, ndipo yaje mezani kupangwa kwa urefu wa shina na kufungwa mafungu. Mwisho wa siku hupakiwa kwenye lori la baridi kwenda uwanja wa ndege wa Nairobi. Asubuhi mapema mezani huwa na maua ya akiba ya jana tu. Jioni ndipo kazi hubanana, na kazi inayokimbiwa na wote ni kuosha ndoo na kufagia majani baada ya lori kuondoka. Jirani yake wa meza alikubali kufungua meza asubuhi, naye mpwa wangu abaki nusu saa jioni kwa kazi hiyo.

Barua tuliiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Saa tuliziandika kwa njia zote mbili, asije mtu akasoma saa 1:30 akadhani ni mchana. Mwili wake ulikuwa huu:

"KUH: OMBI LA KUSOGEZA MWANZO WA ZAMU KWA NUSU SAA

Naomba zamu yangu ianze saa moja na nusu asubuhi (7:30) badala ya saa moja (7:00), na imalizike saa kumi na nusu jioni (4:30) badala ya saa kumi (4:00). Saa za kazi hazitapungua.

Nasafiri kutoka Gilgil kwa magari mawili. Nimeambatisha rekodi ya siku 12 za safari. Nayakiri maonyo mawili niliyopewa, na ombi hili ni njia ya kuyakomesha.

Mwenzangu wa meza amekubali kuifungua asubuhi, na ametia sahihi hapa chini. Mimi nitaosha ndoo na kusafisha meza jioni. Katika msimu wa Februari, maua ya Siku ya Wapendanao yanapozidi, nitafuata saa mtakazopanga.

Naomba majaribio ya mwezi mmoja. Yakifaa, naomba badiliko liandikwe kwenye mkataba wangu."

Sentensi hiyo ya mwisho msiidharau. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 10, yataka saa za kazi ziwemo katika maelezo ya mkataba, na zikibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Sheria haimlazimishi meneja kukubali ombi la namna hii. Lakini akikubali kwa mdomo tu, akija msimamizi mwingine kesho, daftari la langoni litasema bado unachelewa. Nakala ya pili tuliipigia muhuri wa kupokelewa, akaiweka pamoja na yale maonyo.

Alijibiwa baada ya siku tisa. Alipewa mwezi wa majaribio, na Februari ikatengwa kama alivyojitolea mwenyewe. Mwezi ulipokwisha akanipigia simu: karatasi ya mkataba imerekebishwa.

Nilimwonya jambo moja, naye alikuwa ameshalijua. Asije akaondoka nyumbani nusu saa baadaye kwa kuwa zamu imesogea. Bado yupo stejini saa 11:20. Tofauti ni kwamba sasa gari likisubiri kujaa, yeye hukaa kimya dirishani akileta uradi wake, wala haitazami saa.