Asali ya Kibondo haikuwa na kosa

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Kasulu. Baba mdogo akashuka na basi kutoka Kibondo, mkononi lita moja ya asali ya porini. Embe nazo zilikuwa zimejaa sokoni. Asubuhi nikawa nakoroga vijiko vitatu vya chakula vya asali kwenye juisi ya embe, nakunywa bila kula kitu. Haipiti saa mbili, tumbo linajaa kama mpira, linaunguruma mpaka watu wanageuka, halafu ni mbio za chooni.

Mama akasema asali imechakachuliwa. Mimi nililaumu maji. Tukayachemsha, hali ikawa ile ile. Siku nyingine nikaweka sukari ya dukani kwenye maji yale yale, vijiko vitatu vilevile: kimya. Siku ya tatu asali peke yake na maji, mbio zikarudi. Kwa hiyo si maji, na wala si utamu wenyewe.

Kumbe ni fruktosi. Sukari ya dukani ikimeng'enywa hutoa glukosi na fruktosi nusu kwa nusu. Asali kwa kawaida ina fruktosi nyingi kuliko glukosi: kwenye gramu 60 za vijiko vyangu vitatu, fruktosi ni kama gramu 23, glukosi kama 18. Embe nayo imeelemea huko huko, kwa hiyo nilikuwa najiongezea mzigo juu ya mzigo.

Fruktosi huingia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kupitia mlango wa protini uitwao GLUT5. Uwezo wa mlango huo una kikomo, na kikomo hicho hakilingani kwa watu wote. Glukosi ikiwepo ya kutosha, fruktosi hupita kwa urahisi zaidi, ndiyo maana sukari ya dukani ilinisamehe. Inayobaki huvuta maji ndani ya utumbo, ndiyo kuhara. Ikifika utumbo mpana, bakteria huichachusha, zinatoka gesi za hidrojeni na kaboni dioksaidi, ndiyo kujaa. Hospitali zenye kifaa hupima hidrojeni kwenye pumzi baada ya mtu kunywa fruktosi, mara nyingi gramu 25. Mimi sikupimwa, nilipunguza tu.

Nilipunguza mpaka kijiko kimoja cha chai cha asali, tena baada ya ugali, na tumbo likatulia. Embe moja nzima nakula bila shida. Glasi ya juisi ni embe mbili tatu zinazoingia kwa dakika moja. Mdogo wangu anakunywa mchanganyiko ule ule na hasikii kitu, ananicheka.

Ila kama kuna homa, damu kwenye choo, unakonda, au kuhara kunakuamsha usiku, usijifariji kwamba ni asali. Hiyo nenda kituo cha afya.

Baba mdogo nimemwomba msamaha. Ameahidi chupa nyingine.