Watoto 600 kwa sivii, na mmoja ambaye hakufaa kuwa hapo

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo dadangu mkubwa aliponiomba nimsomee sivii, nilicheka. Yeye ndiye ako na digrii, afisa wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi na watoto miaka miwili hapa Nairobi hadi pesa za mradi zikaisha. Akaniambia, "Wewe si unakatanga maneno kila siku ndio watu wasiboeke? Kata na hii."

Nikafungua tangazo la kazi upande mmoja, sivii upande mwingine. Tangazo lilikuwa linataka vitu vitatu: awe amebeba kesi kama 20 za watoto kwa wakati mmoja, awe na mafunzo ya usalama wa watoto ndani ya shirika, na aonyeshe vile anaweka rekodi.

Sivii ilianza na "Nimehudumia zaidi ya watoto 600." Mimi kama mtu wa vyuzi nilifurahia hiyo namba. Lakini tangazo halikuuliza hivyo. Nikamuuliza, "Hao 600 wote ulikuwa unawafuata nyumbani?" Kumbe 560 walikuwa watoto aliowahutubia mashuleni. Waliokuwa na faili ni 40. Katika hao, kesi 22 zilifungwa, na 18 zilikuwa bado wazi alipoondoka, akazikabidhi.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini 600 ilikuwa inamharibia. Viwango vya kimataifa vya kulinda watoto wakati wa dharura vinasema mfanyakazi mmoja asizidishe watoto 25. Mtu wa hiyo kazi akiona 600, anafikiria mambo mawili: ama unadanganya, ama hukuwahi kumtembelea mtu. Tukaandika: "Kesi 18 wazi kwa wakati mmoja. Zile 4 za hatari zaidi nilizitembelea kila wiki, zingine angalau mara moja kwa mwezi." Namba imepungua, lakini sasa inaonekana ni kazi.

Pili, mafunzo. Alikuwa ameandika kozi ya kulinda watoto ya 2019. Kwanza, Sheria ya Watoto ilibadilishwa 2022, kwa hivyo kozi ya 2019 ilifundishwa kwa sheria ya zamani. Pili, akanieleza kitu sikuwa najua. Kulinda watoto ni kushughulikia mtoto anayeumizwa popote, hata kwao nyumbani. Usalama ndani ya shirika ni kuhakikisha sisi wenyewe, wafanyakazi na volontia, hatuwi ndio tunaomuumiza: nani anaweza kubaki na mtoto peke yake, nani anampiga picha, ukimshuku mwenzako unaripoti kwa nani. Hayo alifunzwa mwaka jana, hata akatia sahihi kanuni za maadili. Cheti kilikuwa kimelala kwa imeili. Hakuandika kwa sababu aliona ni "kamkutano ka ofisi." Na ndicho kitu tangazo liliuliza!

Tatu, rekodi. Sivii ilisema tu "mzuri wa kuandika ripoti." Kuthibitisha, alikuwa ameambatisha ukurasa wa faili la kesi.

Nikausoma. Jina la mtoto lilikuwa limefutwa kwa wino mweusi. Lakini shule iko, darasa liko, na imeandikwa mamake anauza samaki karibu na steji gani. Mimi hupita hiyo steji. Nilifika mwisho wa ukurasa nikijua huyo mtoto ni nani na alifanyiwa nini na mjombake.

Nikamwambia, "Siz, mimi namjua huyu." Alinyamaza kabisa.

Faili si lake, ni la shirika, na halikufaa kuwa kwa laptopu yake. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini siku hiyo hakuna aliyetaja sheria. Alipigia msimamizi wake wa zamani akamweleza, kisha akafuta. Na mimi nikafuta kwa simu yangu.

Badala yake akaandika mfano wa kutunga, juu kabisa ukisema umetungwa. Hakuandika "mama hajali." Aliandika: "Nilifika saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa peke yake. Jirani alisema mama alitoka jana jioni." Alichoona, aliyesema, saa ngapi. Kwa sivii tukaongeza kwamba huandika ndani ya siku mbili baada ya kutembelea, na kwamba ametumia CPIMS, ule mfumo wa serikali wa rekodi za watoto.

Alituma Jumanne. Bado hawajajibu. Kama unafanya hii kazi na unatafuta nyingine, kabla hujatuma, fungua kila kitu ulichoambatisha. Msomaji wa kwanza anaweza kuwa mtu anayepitia hiyo steji.