Radhi za Babu



Ndugu wasomaji, huku kwetu Matondoni, kisiwani Lamu, kijana akipata kazi ya mbali haondoki kwa kufunga sanduku tu. Hupita nyumba kwa nyumba, akaaga, akalipa anachodaiwa, akaomba radhi. Mwezi uliopita zamu hiyo ilinifikia mimi, nilipopata kazi ya uhasibu Nairobi.

Nilianza na madeni, kwa kuwa ndiyo yasiyofutika kwa maneno matamu. Mwenye duka alifungua daftari lake akanionyesha shilingi 840 nilizozisahau tangu Ramadhani. Nikamlipa, naye akapiga mstari juu ya jina langu mbele ya macho yangu. Kwa mwalimu wangu wa chuo nilibusu mkono, nikamwomba anisamehe utukutu wa utotoni. Alicheka, kisha akanisomea Fatiha. Jirani yetu mmoja, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya ugomvi wa kisima, alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Nimekusamehe duniani na akhera. Nawe nisamehe." Sikutaraji kwamba nyumba niliyoiogopa ndiyo ingekuwa nyepesi.

Nzito ilikuwa ya Babu.

Babu ni fundi wa vyombo. Katika wajukuu wake ni mimi peke yangu niliyeshika tezo, na alitumaini kwamba ningeirithi. Nilipomweleza habari ya Nairobi hakunilaumu. Alisema neno moja tu, "Mashua ile hujaimaliza." Ni kweli. Palikuwa na mashua juu ya magogo pwani, na sehemu yangu ilikuwa kuikalafati. Nilikuwa nimeacha mianya ya mbao mbili upande wa kushoto.

Basi siku tatu za mwisho, badala ya kuaga marafiki, nilishinda pwani. Nilisokota pamba, nikaitia mafuta, nikaishindilia katika mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kazi hii huhukumiwa kwa sikio. Pamba ikiwa legelege, nyundo hutoa sauti nzito iliyofifia. Ikishashiba, sauti hukaza na nyundo hurudi mkononi. Hapo lazima uache, kwani mbao zitavimba zikiingia majini, na pamba iliyozidi huzisukuma zikaachana. Babu alikaa kivulini, uso ameuelekeza baharini. Kila nilipokosea alikohoa. Siku ya tatu alasiri sikumsikia akikohoa.

Nilipokwenda kuosha mikono aliniita. Nilijua saa ya radhi imefika, nikapiga magoti. Nilidhani atanisomea dua, lakini alianza kwa kuniuliza mas'ala.

"Ukiwa njiani kwenda Nairobi, utasali Adhuhuri rakaa ngapi?"

"Mbili, Babu, nikishatoka mjini kwetu. Na Alasiri na Isha vilevile. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi."

"Na ukishafika huko?"

Nilisita. Akanikumbusha tuliyosomeshwa katika madhehebu yetu ya Shafii: mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika papo anapofika. Huyo ni mukimu, na sala zake ni kamili.

"Basi usikae Nairobi kama msafiri," akasema. "Nimewaona vijana wetu. Miaka kumi wako mjini, lakini jirani hawamjui, mgonjwa hawamzuru, msikiti wa mtaani hawauingii, ati nyumbani ni Lamu. Na wakija Lamu huwa wageni pia. Msafiri hupunguziwa sala kwa sababu ya mashaka ya njia. Wewe utakuwa na kitanda na mshahara. Nani atakupunguzia haki za watu?"

Nikamuuliza habari ya tezo. Hapo alinyamaza kitambo, nami nikaona kwamba uchungu haukumtoka, wala sikustahiki kumtaka autoe. "Tezo itakaa ilipo," akasema. "Akizaliwa wa kuishika, ataishika. Wewe nimekuridhia."

Alfajiri ya kuondoka Mama alifukiza udi, tukasoma Fatiha mlangoni. Kutoka mjini Lamu tulivuka kwa mashua hadi Mokowe kupanda basi. Babu hakuja gatini. Niliambiwa baadaye kwamba asubuhi ile alikuwa pwani, akipitisha kidole juu ya mianya niliyoijaza, mmoja mmoja.

Nimefika salama, alhamdulillah. Adhuhuri ya kwanza hapa nilisali rakaa nne. Nilipotoa salamu nilimgeukia mzee aliyekuwa kuliani kwangu, nikampa mkono, nikamtajia jina langu, nikamwambia kwamba nimehamia mtaa huu.

Nanyi wazee wangu niliowaaga, na ambao sikuwahi kuwafikia, niwieni radhi. Msinisahau kwa dua.

Wabillahi taufiki.