Kamaru Hakuwa Malaika, na Guka Alinishika

Wasee, wiki iliyopita guka aliua sura yangu kwa swali moja tu.

Mimi na marafiki tunaandika kijitabu kuhusu watunzi wa nyimbo za Kikuyu, na mimi nilipewa Joseph Kamaru. Nikarudi nyumbani Ndabibi na daftari, nikaandika kurasa kumi na mbili, nikamsomea guka jioni tukitoa mahindi kwenye magunzi. Sentensi yangu ya kwanza ilisema Kamaru alikuwa sauti ya wanyonge ambaye hakuwahi kuogopa mamlaka. Nilijua nimeua.

Guka akaendelea na mahindi yake. Halafu akauliza, "Na ule wa Japani umeuweka wapi?"

Sikuwa nimeuweka popote. Na si kwamba sikuujua. Mwaka 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa, Kamaru alitoa wimbo wa kulaani mauaji hayo, na uhusiano wake na Rais Kenyatta ukaharibika. Hiyo niliipatia kurasa nne nzima. Lakini mwaka 1980 alisafiri Japani kwenye msafara wa Rais Moi, na akarudi na wimbo wa kumsifu, "Safari ya Japan". Huo niliuruka kwa sababu ulikuwa unaniharibia shujaa wangu.

Hapo ndipo nikaona vile nilikuwa nafanya. Nilianza na hadithi, kisha nikatafuta nyimbo za kuithibitisha. Sasa nikageuza: nikachora mstari, nikapanga nyimbo kwa miaka kwanza, halafu matukio ya maisha chini yake. Ukipanga hivyo, 1975 na 1980 zinakaa karibu sana, na huwezi kujifanya huoni. Sentensi yangu ya kwanza ikafa. Mahali pake nikaandika tu kwamba alimwomboleza JM hadharani mwaka 1975, na miaka mitano baadaye akamsifu Moi. Nikaongeza kwamba redio wakati huo ilikuwa moja tu, ya serikali, kwa hivyo mwanamuziki aliyenuniwa na wakubwa alikuwa na mengi ya kupoteza. Hiyo inaeleza mazingira. Haisemi alichofikiria moyoni, na mimi sikuwa moyoni mwake. Baadaye alikosana na Moi pia, alipounga mkono vyama vingi, lakini sikuitumia hiyo kufuta 1980.

Kitu kingine kilichonishika ni masikio. Wimbo uliomtoa, "Celina" wa 1967, nilikuwa nimeueleza kama kazi ya kijana mmoja mwenye kipaji cha ajabu. Guka akaniwekea santuri. Sekunde chache tu unasikia watu wawili! Anaimba na dada yake, Catherine Muthoni. Huyo dada hakuwa hata kwenye rasimu yangu. Nikausikiliza tena na kalamu mkononi, nikiandika ni nani anaingia lini na nani anajibu. Baada ya hapo huwezi tena kuandika "kipaji chake" bila aibu.

Ila sikio nalo linadanganya, chunga. Mara ya kwanza nilisikiliza nyimbo zake kwa simu, na kwenye mmoja nikasikia kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Nikaandika ati alikuwa mbele ya wenzake miaka ya sitini. Zii. Wanamuziki wengi wa enzi hiyo walirudi studio miaka mingi baadaye kurekodi upya nyimbo za zamani, na anayeipandisha mtandaoni anaweka ule mwaka wa zamani. Ukisikia vifaa hivyo, jua si toleo la sitini, na usilitumie kueleza ujana wake.

Pia kulikuwa na mahali wimbo unakatika ghafla, nikaandika kwamba uchungu ulimzidi. Guka alicheka hadi akakohoa. Akageuza santuri, wimbo ukaendelea. Upande mmoja wa santuri ndogo unabeba kama dakika tatu hivi, basi wimbo mrefu unagawanywa mara mbili. Uchungu wangu wote ulikuwa ni plastiki imeisha.

Sasa sura ina kurasa saba. Bado nahangaika na mwaka 1993, alipotangaza ameokoka na kuacha nyimbo za kidunia. Mashabiki wengine wanaona ni usaliti, wengine wanaona ni mwisho mzuri, na wote wanataka niandike upande wao. Kwa sasa nimeandika tarehe, nikaandika kwamba alianzisha kwaya, na nikaacha nafasi ya nusu ukurasa. Jumamosi narudi kwa guka kusikiliza za kwaya. Ameniambia nibebe betri.